Je, Wajua? Sumu ya Panya Hunyamaza Mara Mbili Ndani ya Mbwa

Ukipita asubuhi katika ploti za Ruiru au nyuma ya maghala ya Thika, viumbe wawili hutawakosa: panya na mbwa wa kulinda. Panya wanafuata mahindi, mabanda ya kuku na chakula cha mifugo. Mbwa anafuata harufu ya chochote kinacholiwa. Kati yao huwekwa sumu ya panya, iliyonunuliwa agroveti na kusukumwa nyuma ya magunia. Mbwa akiifikia, mara nyingi huponyeka, mradi watu wake waijue tabia moja ya sumu hiyo: ina vipindi viwili vya kimya, na kila kimoja humdanganya mwenye mbwa kwamba mambo ni shwari.

Je, wajua kwamba sumu hii imeundwa ili ichelewe?

Panya haamini chakula kigeni. Huonja kidogo, husubiri, na tumbo likimsokota hakirudii tena. Ndiyo maana sumu kali za zamani ziliua panya wachache na kuwafundisha wengine kukwepa. Sumu za kuzuia damu kuganda zilishinda ujanja huo kwa sababu anayezila leo haumwi leo. Panya hurudi kesho na keshokutwa, kisha hufa baada ya siku tatu hadi saba bila kuhusisha ugonjwa wake na chakula kile.

Kuchelewa huko kunakomhadaa panya ndiko kunakomhadaa mwenye mbwa. Anaona pakiti imeraruliwa, anamtazama mbwa akila na kubweka kama kawaida, na anaamua kwamba sumu ilikuwa hafifu.

Si kila sumu ya panya iko hivi. Fosfidi ya zinki, unga mweusi wa kijivujivu, hutoa gesi tumboni na inaweza kumuua mbwa ndani ya saa chache, na haina dawa ya kuizima. Sumu ya kuzuia damu kuganda mara nyingi huuzwa kama vipande vigumu, nafaka au ubandiko uliotiwa rangi ya buluu, kijani au nyekundu, na kwenye lebo husomeka majina kama brodifakumu, bromadioloni au flokumafeni. Kwa hiyo pakiti iliyoraruliwa ni ushahidi, si takataka. Sumu inayopimwa kwa kijiko na mchuuzi wa barabarani haina lebo, na daktari hubaki akibahatisha.

Je, wajua kwamba sumu hii iligunduliwa kupitia ng'ombe waliovuja damu?

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Madaktari wa mifugo waligundua kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya jamii ya klova yaliyoota ukungu. Februari 1933, mkulima Ed Carlson wa jimbo la Wisconsin aliendesha gari karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji hadi mji wa Madison. Alibeba ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani yale, na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Aliishia katika maabara ya mwanakemia Karl Paul Link.

Maabara ile ilichukua miaka sita kuipata kemikali yenyewe ndani ya majani yale. Kutoka hapo Link na wenzake walitengeneza warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Jina lake linatokana na herufi za kwanza za taasisi iliyogharimia utafiti huo huko Wisconsin. Miaka michache baadaye warfarini iligeuka pia kuwa dawa ya binadamu, kwa wagonjwa wanaoganda damu mahali pasipotakiwa, na hutumiwa hospitalini hadi leo.

Panya nao hawakulala. Mwaka 1958 walionekana Uskoti panya waliokula warfarini bila kudhurika. Kwa sababu yao zikatengenezwa sumu za kizazi cha pili, brodifakumu ikiwa mojawapo, zenye nguvu zaidi na zinazong'ang'ania mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Je, wajua kwamba sumu hii haigusi damu yenyewe?

Sumu hufanya kazi kwenye ini. Humo hutengenezwa protini za kugandisha damu, na nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, haziwezi kukamilika bila vitamini K. Fikiria vitamini K kama panga la fundi. Kila akikata mara moja, panga huwa butu, na hulazimika kulipitisha kwenye kinoo kabla ya kukata tena. Mwili wa mbwa una mapanga machache mno, lakini kwa sababu kinoo kipo, machache hayo hutosha.

Sumu ya panya hukamata kinoo. Mapanga yote hubaki butu, na ini huendelea kutoa protini zisizoweza kushika kazi. Hata hivyo damu ya mbwa bado ina protini nzuri zilizotengenezwa kabla hajala sumu, na hizo ndizo zinazomlinda mpaka ziishe. Hicho ndicho kimya cha kwanza: mbwa anaishi kwa akiba.

Akiba haiishi kwa kasi moja. Protini namba 7 ndiyo yenye umri mfupi kuliko zote, kwani nusu yake hupotea kila baada ya takriban saa 6. Baada ya saa 6 imebaki nusu, baada ya saa 12 robo, na baada ya saa 24 sehemu moja tu ya kumi na sita. Namba 2 hudumu zaidi, na nusu yake huchukua takriban saa 41 kupotea. Kwa hiyo damu huanza kuonyesha hitilafu kwenye kipimo siku moja au zaidi kabla mbwa hajaanza kuvuja.

Je, wajua kwamba gramu 100 zinaweza kumtosha mbwa mzima?

Tuchukue mfano wa Simba, mbwa wa kilo 20 anayelinda ghala la mahindi. Jumatatu saa mbili usiku anavuta pakiti ya gramu 100 ya brodifakumu kutoka nyuma ya gunia na kuimaliza. Sumu hii kwa kawaida huchanganywa kwa asilimia 0.005, maana yake kila gramu ya chambo ina miligramu 0.05. Gramu 100 zina miligramu 5. Zigawe kwa kilo 20, utapata miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mbwa.

Vitabu vya sumu vya madaktari wa mifugo vinataja kwamba kiwango kinachoweza kuua nusu ya mbwa walioila brodifakumu ni kati ya miligramu 0.25 na 4 kwa kilo. Simba yuko mlangoni mwa kiwango hicho kwa mlo mmoja. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 angefika hapo kwa gramu 25 tu. Linganisha na warfarini ya zamani: mbwa wa ukubwa wa Simba angehitaji kula zaidi ya kilo moja na nusu ya chambo kwa mkupuo kufikia kiwango cha chini cha hatari. Ndiyo sababu jina lililo kwenye lebo hubadilisha uamuzi wa daktari.

Simba akikutwa usiku huohuo, daktari anaweza kumpa dawa ya kumtapisha, na kisha mkaa maalumu wa hospitali unaonasa sumu tumboni. Hilo hufaa ndani ya saa nne hivi za mwanzo. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na kumtapisha mbwa nyumbani kwa chumvi humwongezea balaa jingine.

Je, wajua kwamba saa ya 48 ndiyo saa ya kupima?

Katika mfano wetu, soja anaiona pakiti Jumanne asubuhi. Muda wa kutapisha umepita. Simba amekula ugali wake na anakimbiza bodaboda getini. Daktari ana njia mbili tu za haki. Ya kwanza ni kuanza vitamini K1 mara moja. Ya pili ni kungoja, kisha kupima damu kati ya saa ya 48 na ya 72 baada ya kula sumu, yaani kuanzia Jumatano saa mbili usiku. Kuchanganya njia hizo ni kosa: ukimpa vitamini Jumanne kisha ukapima Alhamisi, majibu mazuri hayatakuambia kama sumu iliingia au la.

Kipimo chenyewe huitwa muda wa protrombini. Ndicho kinachoihusu protini namba 7, na kwa hiyo hubadilika kabla ya vingine. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mguu, si wa shingoni, ili ikiendelea kutoka iweze kubanwa na bandeji. Hutiwa katika mrija wenye kifuniko cha buluu ulio na sitreti, sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitreti. Mrija ukijazwa nusu tu, sitreti huwa nyingi kupita kiasi kwa damu iliyomo, na mbwa mzima huonekana mgonjwa.

Kuna mtego mwingine pale damu inapopelekwa kwenye maabara ya watu. Damu ya mbwa huganda upesi kuliko yetu. Idadi ya sekunde iliyoandikwa kuwa ya kawaida kwa binadamu inaweza kuwa ndefu mno kwa mbwa. Dawa ya mtego huo ni rahisi: chukua pia damu ya mbwa mzima na uipime siku hiyohiyo kwenye mashine hiyohiyo. Mgonjwa akizidi mwenzake kwa zaidi ya robo, kuna tatizo.

Je, wajua kwamba udongo mweupe unaweza kupima damu?

Mahali pasipo na mashine, bado kuna mrija wa glasi na saa ya mkononi. Kipimo kimoja hutumia mrija ulio na unga wa diatomu, udongo mweupe wa jamii ile inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Diatomu ni mabaki ya mimea midogo ya majini, na chembe zake huichokoza damu iharakishe kuganda. Daktari hutia mililita 2 za damu, huuweka mrija kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kisha huuinamisha kila baada ya sekunde chache akitafuta dalili ya kwanza ya kuganda. Mbwa mzima huganda kabla ya dakika mbili kwisha.

Usipokuwepo unga huo, mrija mkavu na safi wa glasi pia husaidia, ila damu ya mbwa mzima inaweza kuchukua hadi dakika 13 kuganda. Daktari huushika kiganjani na kuuinamisha kila baada ya nusu dakika. Damu njema huanza kukokota kwenye glasi, kisha hukaa kama rojo, na mwishowe mrija hupinduliwa bila tone kudondoka. Damu ya mbwa aliyekula sumu hucheza ndani ya glasi kama chai.

Vipimo hivi viwili vina udhaifu mmoja mkubwa: huchelewa. Vinapoonyesha hitilafu, protini nyingi zimeshaisha na mbwa yu karibu kuvuja au ameshaanza. Vinafaa kuthibitisha kwa mbwa mgonjwa, lakini haviwezi kumsafisha mbwa anayeonekana mzima siku ya pili.

Je, wajua kwamba mbwa anaweza kufa kwa kuvuja bila tone la damu kuonekana?

Simba asipopimwa, siku ya nne au ya tano ataanza kulala kupita kawaida. Halafu atakohoa au kuhema kwa shida, kwa kuwa damu inajaa kifuani. Mwingine huchechemea kwa damu iliyoingia kwenye goti. Mwingine huvimba palipochomwa sindano, au hutoa kinyesi cheusi kama lami. Inua mdomo uangalie fizi: zinapotoka kwenye waridi na kuwa nyeupe kama karatasi, damu imeshaondoka kwenye mishipa hata kama sakafu ni safi.

Hapa kwetu kosa la kawaida ni kusema, "Ni homa ya kupe." Kusema hivyo kuna msingi, kwa sababu ugonjwa wa erlikia unaoletwa na kupe huleta pia uchovu, fizi nyeupe na damu puani. Tofauti iko kwenye kilichopungua. Erlikia hupunguza chembe sahani, zile zinazoziba matundu madogo, na hivyo ngozi ya tumbo na fizi huweza kuwa na vidoa vyekundu kama vya kuchomwa na pini. Muda wa protrombini kwa kawaida hubaki sawa. Sumu ya panya huleta mivujo mikubwa kifuani, tumboni au chini ya ngozi, na muda wa protrombini hurefuka sana. Dawa ya kupe pekee haitamsaidia mbwa wa aina hii, na kila siku inayopita akisubiri ifanye kazi humpunguzia damu.

Je, wajua kwamba dawa yake ni ileile anayodungwa mtoto mchanga?

Mtoto anapozaliwa hospitalini hudungwa pajani miligramu 1 ya vitamini K1 ili asivuje damu katika wiki zake za kwanza. Vitamini hii iligunduliwa na Henrik Dam wa Denmaki, akichunguza vifaranga waliovuja damu kwa kulishwa chakula kisicho na mafuta. Aliipa herufi K mwaka 1935 kwa sababu neno la kuganda kwa Kidenmaki na Kijerumani huanza na herufi hiyo. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy.

Mbwa aliyekula sumu huhitaji nyingi zaidi, miligramu 2.5 hadi 5 kwa kila kilo kwa siku. Kwa Simba ni miligramu 50 hadi 100 kila siku. Turudi kwenye mfano wa panga: kinoo bado kimekamatwa, kwa hiyo njia pekee ni kumletea fundi mapanga mapya kila siku. Dawa hupewa kwa mdomo pamoja na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta hainyonywi vizuri. Haidungwi kwenye mshipa, maana inaweza kuleta mshtuko wa kuua. Haidungwi kwenye msuli pia, kwa sababu tundu la sindano lenyewe litavuja.

Wapo wanaouliza kama sukuma wiki haitoshi, kwa kuwa ina vitamini K nyingi. Gramu 100 zilizopikwa zina takriban mikrogramu 400. Kufikia miligramu 50, Simba angelazimika kula zaidi ya kilo 12 za sukuma kila siku. Nayo vitamini K3, inayotiwa kwenye vitamini za kuku, haifanyi kazi hii na inaweza kuharibu chembe nyekundu za mbwa.

Vitamini K1 yenyewe huhitaji saa 6 hadi 12 kabla ini halijatoa protini mpya za kutosha. Mbwa mwenye fizi nyeupe hawezi kungoja muda huo. Huongezewa plazma au damu nzima kutoka kwa mbwa mwingine. Kwa Simba, mililita 400 za damu nzima ni kipimo cha kuanzia, na mbwa mzima wa kilo 30 anaweza kuzitoa. Kwa kawaida mbwa anayepokea damu mara ya kwanza maishani haikatai, ingawa kulinganisha damu kwanza ni salama zaidi.

Je, wajua kwamba hatari hurudi baada ya mbwa kupona?

Baada ya siku tatu za dawa Simba hula, hukimbia na fizi zake ni waridi. Hiki ndicho kimya cha pili, na ndicho kinachoua mbwa walioshaokolewa. Brodifakumu hukaa kwenye ini kwa wiki nyingi. Dawa haikuitoa, ilileta tu mapanga mapya. Ukiacha dawa siku ya saba kwa sababu mbwa anaonekana mzima, sumu iliyobaki inaendelea kushikilia kinoo, akiba inaisha upya, na baada ya siku chache anavuja tena.

Kwa hiyo dawa hutolewa kwa wiki tatu hadi nne. Wiki nne za miligramu 50 ni miligramu 1,400, sawa na vichupa 140 vya miligramu 10. Mzigo huo wa gharama ndio unaowafanya wengi wakate dawa njiani. Ni bora kumwambia daktari mapema kuhusu uwezo wako ili mpange pamoja, kuliko kuacha kimyakimya.

Dozi ya mwisho ikishatolewa, kazi haijaisha. Saa 48 hadi 72 baadaye damu hupimwa tena muda wa protrombini. Ukiwa wa kawaida, Simba amepona. Ukiwa umerefuka, anarudishwa kwenye dawa kwa wiki mbili nyingine, kisha anapimwa tena. Katika kipindi chote hicho hafukuzi pikipiki, haruki ukuta, wala hapewi aspirini.

Basi ndugu msomaji, ukikuta pakiti imeraruliwa leo, usimtazame mbwa tu. Itunze pakiti, andika saa na tarehe, pima uzito wa chambo kilichobaki, na umpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, mbwa akiwa bado anatikisa mkia. Hesabu saa 48 tangu alipokula, na uhesabu saa 48 nyingine tangu dozi ya mwisho.